Kuchagua dawa ya presha mgonjwa akiwa na maradhi mengine: swali moja la mtihani, hatua kwa hatua

Swali la presha kwenye mtihani wa tiba haliulizi "dawa za presha ni zipi." Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atalijibu. Swali linakuletea mtu mwenye presha, kisha linamrundikia kisukari, pumu, gauti, mimba au moyo uliochoka, halafu linauliza: utampa nini, na kwa nini? Alama ziko kwenye hiyo "kwa nini." Nimesahihisha karatasi za kutosha kujua kwamba wengi hutaja dawa sahihi na bado wanapoteza nusu ya alama, maana hawakusema ni neno gani ndani ya swali lililowapeleka kwenye dawa hiyo.

Tuchukue swali moja tulifanye mpaka mwisho. Baadaye tutabadilisha sentensi moja moja tuone jibu linavyogeuka.

Swali

Mwanamume wa miaka 58, dereva wa lori, ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 12, anatumia metformini. Ana pumu tangu utotoni. Zamani alitumia inhela ya salbutamoli mara moja moja, lakini miezi sita hii anaihitaji karibu kila siku. Mwaka huu amepata gauti kwenye kidole gumba cha mguu mara mbili. Kwa presha anatumia atenololi miligramu 50 na haidroklorothiazidi miligramu 25 kwa siku, alizoanza miezi saba iliyopita. Presha yake ni 166/98, na ilikuwa hivyo hivyo alipopimwa wiki iliyopita. Mkojo una protini alama mbili. Kreatinini ni maikromoli 138 kwa lita, potasiamu 4.3, asidi ya yuriki iko juu. Rekebisha tiba yake na ueleze sababu.

Hatua ya 1: Soma swali kama unayemhoji mgonjwa, usiandike dawa bado

Pigia mstari kila ugonjwa, kila dawa anayotumia na kila kipimo. Ukimaliza, angalia tarehe. Dawa za presha alianza miezi saba iliyopita. Pumu ilianza kumsumbua miezi sita iliyopita. Gauti imekuja mwaka huu. Mtunga swali hakuziweka tarehe hizo kwa bahati mbaya; anataka uone kwamba tiba yenyewe ndiyo inayomuumiza.

Atenololi hupendelea vipokezi vya beta-1 vya moyo, lakini kupendelea hakumaanishi kuviacha kabisa vipokezi vya beta-2 kwenye mirija ya mapafu. Vikizibwa hivi, mirija husinyaa, na salbutamoli inayotakiwa kuifungua inakuta mlango umeshikwa. Ndiyo maana anapuliza kila siku bila nafuu ya kutosha. Haidroklorothiazidi nayo hupunguza maji mwilini, na figo hujibu kwa kurudisha chumvi na maji pamoja na asidi ya yuriki. Dawa yenyewe pia hushindania njia ya kutokea na asidi hiyo hiyo. Matokeo yake ni kidole gumba kilichovimba usiku.

Ukiandika mistari miwili tu ya namna hiyo mwanzoni mwa jibu, msahihishaji anajua anasoma karatasi ya mtu anayefikiri.

Hatua ya 2: Gawa ukurasa mafungu matatu

Kwenye karatasi ya rafu chora mistari miwili ya wima upate safu tatu: lazima, marufuku, tahadhari. Kila ugonjwa wa mgonjwa upitishe kwenye safu hizo. Swali la kujiuliza ni hili: je, ugonjwa huu unalazimisha dawa fulani, unaikataza, au unataka tu niitumie kwa macho mawili?

Makosa mengi huanzia hapa, kwa sababu watu wanachanganya marufuku na tahadhari. Kwa mgonjwa wetu pumu inaweka ukoo mzima wa beta-bloka, yaani dawa zinazoishia na "ololi" na jamaa zao, kwenye marufuku. Beta-bloka inaweza kumfungia mapafu mtu wa pumu mpaka akafa. Gauti inaiweka thiazidi kwenye tahadhari. Haimuui mgonjwa, inamtesa, na mateso hayo yana njia za kuyazuia. Ukiandika kwamba thiazidi "hairuhusiwi kabisa" kwa mwenye gauti, utakwama swali litakapokuuliza dawa ya tatu ni ipi baada ya mbili za kwanza kushindwa.

Kisukari kina mtego wake. Wengi wamekariri kwamba kisukari maana yake ni ukoo wa "prili", yaani enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, basi. Kisukari peke yake, mkojo ukiwa safi, hakilazimishi hivyo. Thiazidi au amlodipini zinaweza kuanza vilevile. Kinacholazimisha ni protini kwenye mkojo. Rudi kwenye swali: protini alama mbili, kreatinini 138, umri 58. Ukikokotoa kwa fomula ya kawaida, figo zake zinachuja kama mililita 51 kwa dakika, wakati mtu mzima mwenye figo nzima anachuja 90 na zaidi. Huyu figo zimeshaguswa. Safu ya lazima imejaa: prili au sartani, yaani ukoo wa losartani na irbesartani.

Kuhusu beta-bloka na kisukari, kuna jambo dogo ambalo watunga mitihani wanalipenda. Sukari ikishuka mno, mwili humpa mgonjwa ishara: mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, jasho. Beta-bloka huficha kutetemeka na mapigo ya moyo. Jasho halifichi, kwa sababu tezi za jasho zinaendeshwa kwa njia nyingine. Kwa mgonjwa huyu hoja hii haina uzito mkubwa, maana metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na pumu imeshaifuta atenololi. Itaje kwa nusu sentensi kisha uendelee.

Hatua ya 3: Eleza kwa nini prili au sartani hulinda figo

Hapa usipite haraka. Ukilielewa hili, vipimo vya baadaye na makatazo yote ya dawa hizi yanajieleza yenyewe.

Fikiria chujio dogo ndani ya figo kama bomba lenye tundu tundu. Damu inaingia kwa mshipa mmoja na kutoka kwa mwingine. Ukibana mshipa wa kutokea, shinikizo ndani ya chujio linapanda na maji mengi zaidi yanasukumwa kwenda kuwa mkojo. Anayebana mshipa huo wa kutokea ni anjiotensini II. Kwa mgonjwa wa kisukari chujio linafanya kazi kwa shinikizo kubwa mno miaka na miaka, tundu zinapanuka, protini inapita, na hatimaye chujio linakufa. Ukoo wa prili unazuia anjiotensini II isitengenezwe; ukoo wa sartani unazuia isishike kipokezi chake. Kwa vyovyote vile mshipa wa kutokea unalegea, shinikizo la ndani linashuka, protini inapungua, na chujio linaishi muda mrefu zaidi.

Mwaka 2001 zilitoka tafiti mbili kubwa kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilikuwa zimeshaanza kuharibika. RENAAL ilitumia losartani. IDNT ililinganisha irbesartani na amlodipini. Kwenye IDNT, amlodipini iliishusha presha karibu sawa na irbesartani, lakini haikuzikinga figo kama ilivyofanya irbesartani. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa namna hii amlodipini ni msaidizi mzuri, ila huwezi kumwacha nayo peke yake.

Kutokana na mfano wa bomba unapata pia majibu ya maswali mengine bila kukariri. Kreatinini itapanda kidogo baada ya kuanza dawa, kwa sababu tumepunguza shinikizo la kuchujia. Mishipa ya figo zote mbili ikiwa imesinyaa pale inapoingia, figo zinaishi kwa hisani ya kule kubana kwa mshipa wa kutokea, ukiulegeza zinasimama. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa wa aina hiyo yuko marufuku kwa koo zote mbili.

Hatua ya 4: Chagua jina moja na ulitetee

Sasa prili au sartani? Wengi wangeandika enalaprili, na wasingekosea sana. Lakini swali lina vidokezo viwili vinavyosukuma upande wa sartani, na hasa losartani.

Kidokezo cha kwanza ni pumu. Ukoo wa prili huacha bradikinini ijikusanye, na baadhi ya watu hupata kikohozi kikavu kisichoisha. Kikohozi hicho hakizidishi pumu, ila kwa mtu wa pumu kitakuchanganya: ni dawa, ni mapafu, au ni kifua kikuu? Atapimwa makohozi mara mbili tatu kabla mtu hajakumbuka kuuliza anatumia dawa gani. Kidokezo cha pili ni gauti. Losartani huzisaidia figo kutoa asidi ya yuriki kwenye mkojo. Hii ni tabia ya losartani yenyewe, usiipe sartani zote. Mwanafunzi anayeandika "sartani hupunguza asidi ya yuriki" anakosa. Anayeandika "losartani" anapata.

Usimpe prili na sartani pamoja. Wazo la kuziunganisha lilionekana zuri, lakini utafiti wa ONTARGET wa mwaka 2008 haukuona faida ya ziada kwa wagonjwa. Figo zilipata shida zaidi na potasiamu ilipanda zaidi.

Kuna sauti itakayokunong'oneza kwamba mgonjwa ni Mwafrika, na kwa Mwafrika ukoo wa prili na sartani haufanyi vizuri. Ni kweli kwamba zikitolewa peke yake, kwa wengi wetu zinashusha presha kidogo kuliko amlodipini au thiazidi, kwa kuwa mara nyingi renini yetu iko chini. Utafiti wa CREOLE uliochapishwa mwaka 2019 na kufanyika katika nchi sita zikiwemo Kenya na Uganda ulionyesha kwamba jozi zenye amlodipini, iwe na haidroklorothiazidi au na perindoprili, ziliishusha presha zaidi ya jozi ya perindoprili na haidroklorothiazidi. Ila hoja ya rangi inahusu kushusha presha, na protini kwenye mkojo inahusu kuokoa figo. Figo inashinda. Wala huhitaji kuchagua upande: mpe losartani kwa ajili ya figo, umwongezee amlodipini kwa ajili ya presha.

Jozi yetu basi ni losartani miligramu 50 mara moja kwa siku na amlodipini miligramu 5 mara moja kwa siku. Anaanza zote mbili kwa pamoja, kwa sababu presha ya 166/98 tayari akiwa kwenye dawa mbili haitafika chini kwa dawa moja. Amlodipini haigusi pumu, haigusi sukari, haipandishi asidi ya yuriki. Lengo ni namba ya juu kushuka chini ya 130. Ndivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unavyosema kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa figo.

Hatua ya 5: Ondoa dawa za zamani kwa utaratibu

Hii hatua karatasi nyingi hazina kabisa. Thiazidi unaisimamisha siku hiyo hiyo. Atenololi ni habari nyingine. Mtu aliyeitumia miezi saba, vipokezi vya moyo wake vimeongezeka na vimekaa mkao wa kusubiri. Ukiiondoa ghafla moyo unaweza kwenda mbio, presha ikaruka, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba akapata maumivu ya kifua au moyo kukosa damu. Huyu ana kisukari miaka 12. Mishipa yake hatuijui. Kwa hiyo miligramu 25 kwa wiki moja au mbili, kisha basi, na umwambie asibebe mizigo mizito kipindi hicho. Lakini kama angeletwa leo akiwa amebanwa na pumu kali, atenololi ingesimama saa hiyo hiyo. Andika hali zote mbili. Ni mistari miwili tu.

Hatua ya 6: Andika vipimo, siku na namba ya kukustua

Kuandika "fuatilia figo" hakumpi msahihishaji chochote cha kukupa alama. Andika: kreatinini na potasiamu kabla ya kuanza, halafu baada ya wiki moja hadi mbili, na tena kila dozi ikipandishwa. Kreatinini ikipanda mpaka asilimia 30 juu ya ile ya mwanzo, endelea. Kwa mgonjwa wetu asilimia 30 juu ya 138 ni kama 179. Potasiamu ikipita 5.5, punguza au simamisha na utafute sababu.

Potasiamu kwa huyu ina jambo la ziada. Thiazidi ilikuwa inaipoteza potasiamu kwenye mkojo, sasa tumeiondoa. Losartani inaizuia isitoke, tumeiongeza. Potasiamu inasukumwa juu kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, hivyo 4.3 ya leo isikutulize.

Baada ya wiki mbili anarudi. Inhela sasa anaitumia mara mbili kwa wiki. Presha 148/88. Kreatinini 158, potasiamu 4.9. Kreatinini imepanda kwa asilimia 14 na ushee. Hiyo ni dawa ikifanya kazi yake. Mwanafunzi mwenye hofu angeisimamisha losartani hapa na kumrudisha mgonjwa alikotoka. Wewe ipandishe mpaka miligramu 100, na amlodipini iende 10 baadaye ikihitajika.

Vifundo vya miguu vikivimba kwa amlodipini, usikimbilie furosemidi. Uvimbe huo unatokana na mishipa midogo kulegea, si maji kuzidi mwilini, na furosemidi itamkausha na kumwamshia gauti bila kuuondoa uvimbe. Pima kifua, angalia mishipa ya shingo, hakikisha moyo haujashindwa, kisha punguza dozi ya amlodipini. Kuwa pamoja na losartani tayari kunapunguza uvimbe huo.

Hatua ya 7: Tarajia sehemu ya pili ya swali

Swali zuri lina mkia, na mkia wa hili ni kama ifuatavyo. Miezi miwili baadaye gauti inarudi. Mgonjwa ananunua diklofenaki kwenye duka la dawa na kuimeza siku tisa. Anakuja amechoka, mkojo umepungua, kreatinini 214, potasiamu 5.9. Nini kimetokea?

Rudi kwenye bomba. Mshipa wa kuingilia kwenye chujio unashikiliwa wazi na prostaglandini. Diklofenaki inazuia prostaglandini, mshipa wa kuingilia unabana. Losartani imeshaulegeza mshipa wa kutokea. Damu kidogo inaingia, na hakuna kinachoishikilia ndani. Shinikizo la kuchujia linaanguka. Kreatinini imepanda kwa asilimia 55 juu ya ile ya 138. Kama angekuwa bado na thiazidi inayompunguzia maji, zingekuwa dawa tatu zinazovuta upande mmoja, na hiyo ndiyo sura ambayo mitihani huipenda zaidi.

Jibu: simamisha diklofenaki kabisa, simamisha losartani kwa muda, fanya kipimo cha umeme wa moyo kwa sababu ya potasiamu, hakikisha amekunywa maji ya kutosha, rudia vipimo baada ya siku moja au mbili. Figo zikirudi karibu na pale zilipokuwa, losartani inarudi, kwa kuwa sababu ya kuitumia haijaondoka. Gauti yenyewe itulize kwa kolkisini dozi ndogo, au prednisoloni kwa siku chache ukiichunga sukari. Baada ya hapo fikiria alopurinoli, uanze na dozi ndogo kwa ajili ya figo.

Na kama losartani 100 na amlodipini 10 hazijafikisha lengo? Sasa ile tofauti ya marufuku na tahadhari inakulipa. Thiazidi kwa dozi ndogo, miligramu 12.5, inaweza kurudi akiwa tayari yuko kwenye alopurinoli. Atenololi haitarudi hata presha iwe ngapi.

Hatua ya 8: Badilisha sentensi moja, uone jibu likigeuka

Hili ndilo zoezi linalofundisha kuliko kusoma majedwali. Chukua swali lile lile, ubadilishe kitu kimoja.

Badala ya pumu, andika ugonjwa sugu wa mapafu wa mvutaji sigara. Watu wengi huuchukulia kama pumu na kuandika marufuku. Hapa beta-bloka inayopendelea beta-1, kama bisoprololi, inahamia kwenye tahadhari, na ikiwa mgonjwa ana sababu nzito ya moyo anapewa. Propranololi inabaki nje.

Ondoa pumu na gauti, andika: anakosa pumzi akilala chali, miguu imevimba, kipimo cha moyo kinaonyesha unasukuma asilimia 30 tu. Safu ya lazima inafurika: enalaprili kuanzia miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, beta-bloka, spironolaktoni miligramu 25 potasiamu ikiruhusu, na furosemidi ya kuondoa maji. Angalia kilichogeuka: beta-bloka iliyokuwa marufuku sasa ni lazima. Ila si beta-bloka yoyote wala siku yoyote. Ni bisoprololi, kavediloli au metoprololi ya kuachiliwa taratibu. Atenololi haina ushahidi huo. Inaanza maji yakishatoka kifuani, kwa dozi ndogo sana, kwa mfano kavediloli miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, ikipandishwa kila wiki mbili. Ukianza na dozi kubwa kwa mgonjwa aliyejaa maji, unauzima moyo uliokuwa unajikokota. Zinazofutwa ni verapamili na diltiazemu, zinazopunguza nguvu ya moyo kusukuma. Na hizo mbili usiziunganishe na beta-bloka. Mapigo yanaweza kusimama.

Mzee anayeamka usiku kukojoa mara nne kwa sababu ya tezi dume? Prazosini au doksazosini humsaidia mkojo, lakini ziongeze juu ya tiba ya kawaida, usizifanye msingi wake. Mkono wa doksazosini kwenye utafiti wa ALLHAT ulisimamishwa mapema, mwaka 2000, kwa sababu ya moyo kushindwa. Dozi ya kwanza imezwe kitandani, maana akisimama ghafla ataanguka.

Sasa geuza mgonjwa mwenyewe. Mwanamke wa miaka 31, mimba ya wiki 14, presha 156/102, ana kisukari na protini kwenye mkojo, ana pumu, na alikuwa anatumia enalaprili. Kila kitu kinachomlazimisha prili bado kipo, na bado huwezi kumpa. Ukoo wa prili na wa sartani huharibu figo za mtoto tumboni, maji ya uzazi yanapungua, na mapafu yake hayakui vizuri. Mimba inashinda figo ya mama kwa miezi hii. Enalaprili inasimama leo, na ingefaa isimamishwe kabla hajashika mimba au mara tu alipojua.

Zinabaki dawa tatu zinazojulikana kwa mimba: methildopa, nifedipini ya kuachiliwa taratibu, na labetaloli. Kalamu ya mwanafunzi aliyekariri "mimba, labetaloli" itakimbia hapo hapo. Labetaloli ni beta-bloka, na huyu ana pumu. Jina lake halilii "ololi" masikioni kwa wengi, ndiyo maana mtego unanasa. Jibu ni methildopa miligramu 250 mara tatu kwa siku, au nifedipini ya taratibu, au zote mbili presha ikikaidi. Kidonge cha nifedipini ya haraka kilichowekwa chini ya ulimi kifute kabisa: presha inaporomoka ghafla, na kondo la nyuma linakosa damu.

Akishajifungua, badilisha methildopa ndani ya siku chache, kwa sababu inaweza kumletea huzuni kipindi ambacho mama yuko karibu nayo tayari. Enalaprili inaweza kurudi hata akinyonyesha, kwani inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati subiri kwanza. Na kabla hajaondoka na cheti cha enalaprili mkononi, muulize atatumia njia gani ya uzazi wa mpango.